Usiuminye Wimbo wa Kwaya: Vidokezo 9 vya Mastaringi ya Mtandaoni

Wimbo umerekodiwa, umemiksiwa, na kila mwanakwaya ameshausikiliza kwenye simu akasema umetoka vizuri. Limebaki jambo moja: kuupandisha sauti kabla haujaenda mtandaoni. Nyimbo nyingi nzuri huharibikia hapo, kwa sababu tunazipandisha kana kwamba redio na kaseti ndizo bado zinazoamua.

Tuchukue wimbo mmoja wa mfano tuende nao mwanzo hadi mwisho. Kwaya ni ya Ngujini, Upare ya Kaskazini, huko juu milimani wilayani Mwanga. Waimbaji 24 wa sauti nne, kinanda, gitaa la besi, ngoma za kinanda na kayamba. Ubeti unaanzwa na mama mmoja peke yake, kisha kwaya nzima inamwitikia. Utamu wa wimbo uko pale kwaya inapoingia. Kazi yetu ni kuufikisha mlango ule kwa msikilizaji ukiwa mzima.

1. Pima kwanza, ndipo ushike vitufe

Kabla ya kugusa chochote, jua wimbo una sauti kiasi gani. Kipimo kinachotumiwa na majukwaa kinaitwa LUFS. Hakiangalii mlio mmoja uliochomoza, bali wastani wa wimbo mzima kama sikio linavyousikia, kwa hiyo besi ya chini kabisa inahesabiwa kidogo na sauti za juu zinahesabiwa zaidi. Namba zake ni hasi: -14 ni kubwa kuliko -19.

Kipimo cha pili ni kilele halisi, ambacho kwenye skrini huandikwa True Peak. Hicho kinaonyesha mlio uliochomoza kuliko yote umefika wapi. Ukomo ni 0. Ukivukwa, sauti inapasuka.

Youlean Loudness Meter inaonyesha vyote viwili, na ina toleo la bure. Kama una ffmpeg kwenye kompyuta, amri hii inatosha:

```
ffmpeg -i wimbo.wav -af ebur128=peak=true -f null -
```

Soma mstari wa `I:` kwa LUFS na wa `Peak:` kwa kilele. Tuseme wimbo wetu umetoka kwenye miksi ukiwa na -19 LUFS na kilele cha -4. Ziandike namba hizo mbili kwenye karatasi, maana kila uamuzi unaofuata unatoka hapo.

Usihofu kwamba utangulizi wa taratibu utaushusha wastani. Kipimo hiki huviruka vipande vilivyo chini sana ya sehemu nyingine za wimbo. Mama aanze kwa upole anavyotaka.

2. Jua jukwaa litaufanya nini wimbo wako

Spotify, iliyofika Tanzania Februari 2021, husawazisha nyimbo kwenye -14 LUFS kwa mpangilio wake wa kawaida. Wimbo ulio juu ya hapo hushushwa. Ulio chini hupandishwa, lakini kilele kikikaribia -1 upandishaji unakoma. YouTube nayo hushusha nyimbo zilizo juu ya kiwango chake, ila haipandishi zilizo chini. Apple Music, msikilizaji akiwasha Sound Check, hulenga karibu -16.

Sasa piga hesabu ya wimbo wetu. Ukiupeleka ulivyo, na -19 yake, Spotify ina nafasi ya kuupandisha desibeli 3 tu, kutoka kilele cha -4 hadi -1. Utasikika kwenye -16, na YouTube utabaki kwenye -19. Umepoa mno.

Ukitaka ufike -14, unahitaji desibeli 5. Kilele cha -4 kitakwenda +1, na sisi tunataka kiishie -1. Kwa hiyo ni desibeli 2 tu za vilele zinazopaswa kufinywa. Kwaya haitaumia.

Je, ukitaka ushindane na Bongo Fleva kwenye -8? Unahitaji desibeli 11. Kilele kitapaa hadi +7, na itabidi ufinye desibeli 8. Kisha Spotify itaushusha wimbo desibeli 6 hadi -14 ile ile. Nguvu hupati, na vilele vyako sasa vinaishia -7, wakati wimbo wa jirani uliofinywa kidogo unacheza kwa wastani uleule huku ngoma zake zikichomoza hadi -1. Umeminya mlango wa kiitikio, na hukupata chochote.

Namba -14 siyo amri, na wimbo wa ngoma nyingi unaweza kupendeza kwenye -11 au -10. Kwa kwaya hii, inayotegemea tofauti kati ya mtu mmoja na watu 24, nisingevuka -13.

3. Kasoro ya miksi irudi kwenye miksi

Mastaringi hugusa kila kitu kwa pamoja. Ukipunguza ukali wa kayamba, umepunguza na herufi za "s" za waimbaji. Ukiongeza besi, umeongeza gitaa, teke la ngoma na sauti ya nne yote kwa mkupuo. Kwa hiyo sikiliza wimbo mara moja bila kugusa kitu, huku ukiandika kasoro. Kama mama wa ubeti amezama chini ya kinanda, mrudishie aliyemiksi ampandishe desibeli moja na nusu. Ni kazi ya dakika tano kwake, na kwako haiwezekani.

Mvua iliyonyesha kwenye mabati wakati wa kurekodi ni hivyo hivyo. Muungurumo ule umeenea kutoka chini hadi juu, umekaa mle mle sauti za watu zilimokaa. Hakuna kitufe cha mastaringi kitakachoutoa bila kuondoka na kwaya. Sehemu ile irudiwe.

Mwambie pia atoe limita aliyoiweka kwenye chaneli kuu ili wanakwaya wausikie wimbo ukiwa na nguvu. Akupe faili la WAV la biti 24, bila kulipandisha. Kilele kikiwa popote kati ya -3 na -8 hakuna neno, mradi kisiguse 0.

4. Ikwalaiza: desibeli moja, mbili, basi

Hapa huponyi ugonjwa, unafuta vumbi. Ukijikuta umevuta desibeli 4 au 5, rudi kidokezo cha 3.

Anza chini kabisa. Kata kilicho chini ya hezi 25 au 30 kwa mteremko mpole. Huko kuna upepo uliogonga maikrofoni na mtikisiko wa sakafu, vitu ambavyo hakuna anayevisikia lakini vinakula nafasi ya vilele.

Kisha nenda hezi 250 hadi 400. Ukumbi wa kuta za saruji huacha uvimbe hapo, na kwaya inasikika kama imeimba ndani ya pipa. Chukua bonde pana, shusha desibeli 1 hadi 1.5, usikilize maneno. Yakianza kusomeka bila wewe kuongeza kitu, umepata mahali penyewe.

Eneo la tatu ni kilohezi 2.5 hadi 4. Akina mama wa sauti ya kwanza wakifika noti ya juu kwa pamoja, hapo ndipo masikio yanapochomwa. Ukishusha desibeli 1 kwa wimbo mzima unaweza kuupoza ubeti pia, kwa hiyo kama una ikwalaiza inayofanya kazi pale sauti inapozidi tu, itumie hapa.

Mwisho, kama wimbo umefifia juu, ongeza desibeli 1 kuanzia kilohezi 10. Kayamba litapumua.

Kuna mtego mmoja: kitu kikizidi sauti hata kidogo, sikio hukisifu. Ukilinganisha kabla na baada, hakikisha vyote viwili vina sauti sawa, la sivyo unausifu wingi wa sauti ukidhani ni ubora. Linganisha pia na wimbo wa kwaya unaouamini, kama wa AIC Chang'ombe au Uinjilisti Kijitonyama, ukiwa umeushusha hadi LUFS za wimbo wako. Ukifanyia kazi chumbani, kwenye kuta zinazorudisha mlio, wimbo huo wa mfano ndio utakaokuambia kama besi ni nyingi kweli au ni chumba kinachokudanganya.

5. Kompresa: kiitikio kiguswe, ubeti uachwe

Kompresa hushusha sauti inapovuka kiwango ulichokiweka. Kwenye mastaringi kazi yake ni kuufunga wimbo pamoja, siyo kuusawazisha kama ukuta.

Weka uwiano wa 1.5 kwa 1. Ianze kushika baada ya milisekunde 30, ili kichwa cha kila pigo la ngoma kipite kabla haijakamata. Iachie ndani ya milisekunde 200 hadi 300, yaani iwe imeshalegea kabla pigo linalofuata halijafika; wimbo wa mapigo 96 kwa dakika una milisekunde 625 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo nafasi ipo.

Sasa cheza kiitikio kile kikubwa kuliko vyote na ushushe kiwango cha kushikia hadi mshale uonyeshe desibeli 1, mara mojamoja 2. Kisha rudi kwenye ubeti wa mama peke yake. Mshale usitikisike kabisa. Ukitikisika, umeweka kiwango chini mno, na unaanza kula ile tofauti tuliyoapa kuilinda.

Sikiliza kama wimbo unahema. Dalili yake ni hii: teke la ngoma linapiga, kwaya inazama kidogo, kisha inarudi, teke linapiga tena, inazama tena. Chanzo ni besi, kwa sababu ndiyo yenye nguvu nyingi na ndiyo inayoiamsha kompresa. Kompresa nyingi zina kichujio cha upande kinachoiambia isisikilize besi inapoamua. Kiweke hezi 100. Teke litapita, na kompresa itaifuata kwaya.

6. Limita: polepole mpaka namba ifike

Limita ni ya mwisho kwenye mnyororo, na ndiyo inayozuia vilele visivuke dari. Dari iwe -1, na kitufe cha True Peak kiwashwe. Kisha ongeza sauti taratibu huku wimbo ukicheza sehemu nzito, mpaka kipimo cha wimbo mzima kikaribie -14. Kwa hesabu ya kidokezo cha 2, limita yetu inapaswa kufinya karibu desibeli 2 pale ngoma zinapopiga kwa nguvu, na kukaa kimya kwenye ubeti.

Ikionyesha desibeli 5 au 6 wakati wote, simama utafute sababu. Mara nyingi ni noti moja ya gitaa la besi iliyochomoza kuliko wenzake, au teke la ngoma lililopigwa juu mno kwenye miksi. Desibeli 2 zikipunguzwa hapo kwenye miksi, limita inapumzika.

Masikio nayo yana dalili zake. Ya kwanza, ngoma ndogo inapoteza mguso wa fimbo na kubaki kishindo kama cha mto uliopigwa ngumi. Ya pili, sauti nne zikishikilia noti ya mwisho pamoja, inaingia mikwaruzo midogo kama mchanga. Ya tatu ndiyo inayotuhusu zaidi: kwaya inaingia kwenye kiitikio, lakini wimbo haukui.

Ili usidanganyike, fanya jaribio hili. Chukua nakala iliyopita kwenye limita, ishushe hadi iwe na LUFS sawa na miksi ya awali, kisha zicheze kwa kubadilishana pale kwaya inapoingia. Hivyo ndivyo jukwaa litakavyoicheza. Kama miksi ya awali inaingia kwa nguvu kuliko masta yako, umefinya kupita kiasi. Rudisha desibeli moja.

7. Ufinyaze faili mwenyewe kabla jukwaa halijafinyaza

Unapeleka WAV, lakini msikilizaji wa kawaida wa Spotify kwenye simu anapokea faili dogo la Ogg Vorbis, na wa YouTube anapokea la namna nyingine lililopunguzwa vilevile. Kupunguzwa huko hubadilisha umbo la wimbi kidogo, na vilele vinaweza kuinuka. Ndiyo maana tuliacha nafasi ya -1. Hakikisha inatosha kwa kutengeneza nakala kama yao na kuipima:

```
ffmpeg -i masta.wav -c:a libvorbis -q:a 5 jaribio.ogg
ffmpeg -i jaribio.ogg -af ebur128=peak=true -f null -
```

Kilele kikiwa kimetoka -1 na kufika -0.5, uko salama. Kikivuka 0, rudi ushushe dari ya limita hadi -1.5 au -2. Nyimbo zilizofinywa sana ndizo zinazoruka zaidi kwenye jaribio hili, na Spotify yenyewe hushauri dari ya -2 kwa wimbo uliozidi -14.

Sikiliza pia kwa spika ya simu, moja tu, sauti ikiwa ndogo. Kinanda kilichotanuliwa sana kushoto na kulia kinaweza kutoweka pande mbili zikijumlishwa kuwa moja. Kikitoweka, kipunguziwe upana kwenye miksi.

8. Mlinde masta kwa mtu wa video, na fleshi ipate nakala yake

Wimbo wa kwaya bila video ni nadra, na kasoro kubwa niliyokutana nayo mara nyingi iko kwenye kompyuta ya mhariri wa video. Anatumiwa MP3 ya miksi ya zamani kwa WhatsApp, anaona sauti ni ndogo, anavuta kitufe juu, mawimbi yanagonga dari. Mastaringi yote imepotea.

Mpe WAV ya biti 24 kwa kilohezi 48, ambacho ndicho kipimo cha kawaida cha video, na mwombe aache kitufe cha sauti kwenye 0. Akimaliza, pima sauti ya video yake. Ikisoma -14 na kilele -1 kama masta, hajaigusa. Wimbo ukishapanda YouTube, ufungue kwenye kompyuta, bofya kulia juu ya video, chagua Stats for nerds, usome `content loudness`. Ikionyesha hasi kidogo au karibu na 0, YouTube haijakushusha kwa maana. Ikionyesha 5 au 6, kuna aliyevuta kitufe.

Fleshi ni habari nyingine. Kwenye Noah inayopanda mlimani hakuna jukwaa la kusawazisha chochote. Wimbo wa -14 ukifuata wa -8, dereva ataona wako umelala. Kwa ajili hiyo tengeneza nakala ya pili iliyopanda hadi -11 au -10, uipe jina lisilochanganya, kama `wimbo_fleshi.wav`, nayo isiende mtandaoni. Makosa ya limita yanasikika kidogo kwenye gari linalotikisika. Kwenye hedifoni yanasikika yote.

9. Albamu ipimwe kama albamu

Kwaya ya mfano wetu ina nyimbo 8, na wa tano ni tenzi ya taratibu isiyo na ngoma. Kishawishi ni kuzipeleka zote -14 moja baada ya nyingine. Usifanye hivyo. Mtu akicheza albamu nzima kwa mfululizo, Spotify huishusha au kuipandisha albamu yote kwa kiasi kimoja, ili tofauti mlizozikusudia zibaki. Tenzi iliyosukumwa hadi -14 itasikika ikipiga kelele kuliko wimbo wa ngoma uliotangulia, kwa sababu waimbaji wote wamesogezwa puani mwa msikilizaji.

Panga nyimbo kwa mfuatano wake, uziweke zote kwenye mradi mmoja, uruke kutoka kiitikio cha mmoja hadi kiitikio cha unaofuata. Sauti za watu ndizo ziwe rula, siyo namba. Tenzi ikitulia kwenye -17 huku waimbaji wakisikika kwa ukaribu uleule, iache hapo.

Mwisho wa kila wimbo, subiri mwangwi wa ukumbi uishe wenyewe kabla hujakata faili. Kisha mwite mwalimu wa kwaya, mpe hedifoni, umchezee nakala ya Ogg kuanzia ubeti wa mama hadi kwaya inapoingia. Usimwambie namba yoyote. Mtazame tu pale kiitikio kinapofunguka: kama mkono wake umeinuka wenyewe kuongoza, peleka WAV.